Kurasa Nilizozitoa Kwenye Maisha ya Bingwa

Kitabu hicho nimekiandika mimi. Kiko kwenye maktaba za shule kadhaa hapa Mbulu, jalada la kijani, kurasa themanini na mbili, na kila mwaka kuna mwalimu mmoja au wawili wanaonipigia simu kunishukuru. "Madam, wanafunzi wanakipenda." Najibu asante, nakata simu, halafu siku hiyo nakuwa mbaya kwa kila mtu nyumbani, hata kwa mbwa. Sitaki kushukuriwa. Kitabu kile kilimtoa mwanafunzi wangu kwenye riadha, na humo ndani hakuna hata sentensi moja ya uongo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja pale Endagikot. Michezo niliangukiwa nayo tu. Siku walimu walipogawana majukumu nilichelewa kikao, nikakuta kila mtu ameshashika chake, kilichobaki ni filimbi. Mimi na kukimbia wapi na wapi! Hata basi likiniacha naliacha liende. Lakini kazi nikipewa naifanya, basi nikanunua daftari, nikajifunza kupima muda kwa simu, nikawatuma wavulana wapime uwanja kwa kamba. Upande mmoja kuna mteremko na upande wa pili kuna shamba la mtu, kwa hiyo mzunguko tuliopata ni wa mita mia tatu, siyo mia nne kama viwanja vya mjini. Tuliuchora kwa majivu ya jikoni. Anayekimbia mita elfu tano anauzunguka mara kumi na sita, kisha anaongeza mita mia mbili. Mvua ikinyesha majivu yanakwenda na maji, tunachora upya.

Binti mwenyewe alikuja kidato cha pili akitokea Nambis. Alikuwa mwembamba, mkimya, anaangalia chini akiongea na mkubwa, kama walivyofunzwa kwao. Shuleni alikuja mbio na kurudi mbio, siyo kwa mazoezi, ni kwa sababu asubuhi alikuwa na kazi za nyumbani na getini kuna adhabu kwa wachelewaji. Siku moja nikamwona anapandisha ule mlima wa shule mdomo umefungwa, anapumua kwa pua tu, na begi la madaftari mgongoni. Nikasema, ala! Huyu ni mtu wa riadha. Nikamwandika jina siku hiyohiyo.

Tatizo lake lilikuwa moja, naye alilisema wazi tangu wiki ya kwanza. "Madam, mimi sina kipaji." Hakulia wala hakutaka kubembelezwa. Alisema kama mtu anavyosema kwao hakuna umeme. Kila akikimbia alikuwa wa tatu au wa nne. Mbele yake kulikuwa na msichana wa kidato cha nne asiyefanya mazoezi kabisa, anayekuja Jumamosi na kanga kiunoni, anavua ndala, anashinda, anavaa ndala zake anaondoka. "Yule anacho, Madam. Mimi najilazimisha tu." Mimi nilikuwa namjibu, "Nyamaza, kimbia." Ndiyo ukocha niliokuwa nao.

Alipenda kusoma. Maktaba yetu ilikuwa na vitabu vyembamba vya wanamichezo wa nchi za mbali, tulivyoletewa kama msaada, na vyote vilikwenda kwa mtindo mmoja: ukurasa wa tatu mtoto maskini, wa tano mtu kamwona, wa tisa medali shingoni. Akavisoma vyote. Alipovirudisha akasimama mbele ya meza yangu. "Madam, hawa wote walijua kwamba wanaweza. Hakuna kitabu cha mtu aliyekuwa hajui? Wa hapahapa kwetu?"

Hakikuwepo. Na mimi, kwa majivuno yangu ya mwalimu wa insha, nikasema moyoni kitakuwepo.

Tumati kuna mama mmoja ambaye enzi zake alikimbia mpaka Ulaya akarudi na medali. Kila mtu hapa anamjua, kwa hiyo nitamwita Bingwa tu. Siku hizi analima mahindi na maharage, anafuga, na ukimkuta kisimani huwezi kudhani. Nilikwenda kwake Jumamosi moja na simu ya kurekodi, nikamwamkia, nikamweleza kwamba nataka kuandika maisha yake kwa ajili ya binti mmoja mwenye wasiwasi. Akauliza, "Binti huyo anakimbia vizuri?" Nikasema sijui, nadhani. Akacheka. "Na mimi nilikuwa sijui. Kaa, mwalimu."

Nilikwenda kwake Jumamosi nyingi, karibu mwaka mzima. Bingwa hakai bure, kwa hiyo simu niliiweka juu ya debe lililopinduliwa, naye anapukuchua mahindi anaongea, na kwenye rekodi zangu punje zinazoanguka zinasikika kuliko maneno. Mwanzo nilikuwa namuuliza maswali ya kijinga. "Ulijisikiaje uliposhindwa?" Anasema, "Vibaya." Basi, imekwisha. Nikajifunza kuuliza siku yenyewe ilivyokuwa. Asubuhi ile ulikula nini? Ulivaa viatu vya nani? Nani alikuwa mbele yako, na mgongo wake ulikuwaje? Hapo ndipo alipofunguka. Miaka hakuikumbuka kwa namba, aliikumbuka kwa ng'ombe aliyezaa na kwa mavuno, lakini alikuwa na daftari kuukuu ambalo kocha wake wa kwanza alimlazimisha kuandika kila zoezi, umbali, muda na hali ya mwili. Usiku nilikuwa nasikiliza rekodi, naandika kwenye kaunta buku, na pembeni naweka tarehe kutoka kwenye daftari lake. Nilijaza kaunta buku mbili.

Jamani, yale maisha! Akiwa kidato cha tatu alikimbia mita elfu tano kwenye nyasi kwa dakika kumi na tisa na sekunde arobaini, akawa wa tano kati ya wasichana saba. Muda huo umeandikwa kwa penseli na mwandiko wa kitoto. Baadaye akaitwa kambini, baada ya miezi minne akaambiwa arudi kwao akalime, hana kitu. Akarudi kweli, akalima. Akaitwa tena kwa sababu mwenzake aliumia, akakimbia mashindano ambayo aliyeongoza alimpita mzunguko mzima, na baada ya hapo akajifungia chooni uwanjani mpaka basi lao likataka kuondoka. "Nilikuwa nasikia wananiita, mwalimu. Nikasema waondoke, nitatembea mpaka Tumati."

Miaka mitatu alikaa hivyo. Kila akizidisha mazoezi alizidi kuwa mzito. Mlima aliokuwa anaupanda akiongea ukamshinda, mikono ikawa ya baridi hata juani, na akawa na hamu ya kula udongo. Alikuwa anabandua udongo wa ukutani anatafuna kwa siri, anaona aibu. Mpaka siku moja muuguzi wa zahanati akamgeuza kope ya jicho, akaona ndani ni peupe. Akapimwa, damu ilikuwa chini sana. Akapewa vidonge vya kuongeza damu vya miezi kadhaa, akakatazwa kuvinywa na chai kwa sababu chai inavizuia kufanya kazi, akaambiwa ale maharage, mboga za majani na maini akipata, na apumzike wiki tatu bila kukimbia. "Wiki tatu zile nililia kila siku. Nilidhani ni uvivu wangu umepewa jina la kizungu." Alipoanza tena alikimbia taratibu, na baada ya miezi mwili ukarudi. Kumbe muda wote ule hakukosa kipaji, alikosa damu.

Na hata aliposhinda hakuamini. Kabla ya kila shindano alitapika. Huko Ulaya, siku aliyokimbia mita elfu tano kwa dakika kumi na tano na sekunde arobaini, alikuwa na miaka ishirini na sita, kwenye uwanja uliotandikwa mpira laini, ulio usawa wa bahari ambako pumzi ni tele, na mbele yake kuna mtu wa kuvuta kasi aliyelipwa kwa kazi hiyo. "Ukichukua muda ule ukaulinganisha na wa kwetu huku juu kwenye nyasi," akaniambia, "unajidanganya mwenyewe. Andika hilo. Andika na la udongo, na la choo. Huyo binti wako ndiyo atakayoyahitaji."

Nikaandika yote. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa mia moja na thelathini, na mpaka leo naamini ndicho kitu kizuri pekee nilichowahi kuandika.

Kisha nikafanya adabu. Kwetu huwezi kutangaza habari za mtu bila ukoo wake kusikia, basi nikapeleka rasimu Tumati nikawasomea. Mkubwa wao ni kaka yake Bingwa, mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, umeandika vizuri. Lakini mikosi haitangazwi."

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze. Zamani huku, mtu aliyepatwa na mkosi alikaa kando mpaka muda wake uishe. Hakuingia nyumba za watu, na hata ng'ombe wake hawakuchanganywa na wa jirani, kwa sababu mkosi uliaminika kuambukiza. Siku hizi tunasali, tuna zahanati, hakuna anayemtenga mtu. Ila woga wenyewe umebaki kwenye mifupa. Mabaya ya nyumba yanabaki nyumbani, ukiyatoa nje unawapelekea wengine. "Unataka watoto wa shule wasome habari za kushindwa, kula udongo, kujificha chooni? Yatawaingia. Wape ushindi, wachukue ushindi." Wazee wengine wakaitikia.

Nikamgeukia Bingwa. Alikuwa amekaa nyuma, kwenye kigoda, na mbele ya kaka yake hawezi kubishana. Akasema tu, "Mwalimu ndiye anayejua mambo ya vitabu." Alikuwa ananiachia mlango wazi nimtetee. Sikumtetea.

Sitamtupia mzigo mzee wa watu. Nilirudi nyumbani nikakaa na rasimu ile, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Kitabu cha ushindi kingependwa na mkuu wa shule, kingesomwa kwenye mahafali, jina langu lingekuwa kwenye jalada bila mtu kunung'unika. Nikachukua kalamu nyekundu. Kambi ya kwanza nikaitoa, na choo, na udongo, na muuguzi, na vidonge. Miaka ile yote nikaifunika kwa sentensi moja: "Kwa bidii na nidhamu akaendelea."

Kazi hiyo niliifanya kwa uangalifu mno, nisiandike uongo. Na sikuuandika. Lakini ukitoa kurasa arobaini na nane katikati ya maisha ya mtu, yaliyokuwa mbali yanakaa jirani. Juu ya sentensi ile kulikuwa na kidato cha tatu, alipochaguliwa kuiwakilisha shule. Chini yake kulikuwa na mita elfu tano kwa dakika kumi na tano na sekunde arobaini. Muda wa penseli, ule wa kumi na tisa, nilikuwa nimeshautoa kwa kuwa ulikuwa wa aibu, na umri wake siku ya Ulaya na habari za uwanja ule vilikwenda na kurasa zile. Msomaji yeyote angeelewa kwamba msichana wa kidato cha tatu pale Tumati alikimbia kama upepo. Mimi mwandishi sikuliona hilo. Nilihakiki nukta na mkato mara tatu, hilo sikuliona.

Nakala ya kwanza nilimpa binti. Alikuwa kidato cha tatu sasa, na wiki chache kabla ya hapo alikuwa amekimbia mita elfu tano pale kwenye majivu yetu kwa dakika kumi na nane na sekunde hamsini. Nilimpa mbele ya darasa, wenzake wakapiga makofi, akakipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Hakika sijawahi kumwona na uso ule wa furaha.

Siku ya tatu akaja ofisini. Kitabu kilikuwa kimefunikwa na gazeti kisichafuke.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimekisoma mara mbili." Akafungua ukurasa ambao sihitaji kuutaja. "Madam, huyu mama hakuwahi kushindwa?"

Nilikuwa na kaunta buku mbili kwenye droo, karibu na goti langu. Nilikuwa nimeshawaahidi wazee kwamba sitayatoa nje. Walimu wengine walikuwa ofisini wanakunywa chai. Nikasema, "Alikuwa na bidii. Na wewe ongeza bidii."

Akasema, "Sawa, Madam." Binti wa watu akaenda kuongeza bidii.

Alianza kukimbia mara mbili kwa siku. Alfajiri anakuja shule kwa njia ndefu, jioni baada ya masomo anazunguka uwanja peke yake, halafu anakimbia mpaka Nambis. Chakula ni uji asubuhi, makande shuleni, ugali usiku, na chai ya rangi kila saa. Nikaona bidii, nikafurahi, nikamsifia paredi. Baada ya miezi miwili muda ukaanza kurudi nyuma. Kumi na tisa na ushee. Ishirini kasoro. Ule mlima aliokuwa anaupanda mdomo umefungwa akawa anasimama katikati, mikono kiunoni. Nikamwambia anadeka.

Na siku moja nikamkuta nyuma ya darasa anatafuna udongo.

Nikamgombeza. Mungu wangu, nilimgombeza mbele ya wenzake! "Msichana mkubwa unakula udongo kama mtoto mchanga, huoni haya?" Akatema, akafuta mdomo, akasema samahani Madam. Na mimi habari ile nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu, udongo, mikono ya baridi, mlima, kope, vidonge, yote, nikaweka na tarehe pembeni. Mtu ataniuliza, ulisahauje? Sijui. Nilipoyafuta kwenye kitabu nadhani niliyafuta na kichwani. Naandika hivi na bado sijielewi.

Mashindano ya shule za mkoa yalikuwa Babati, na mwaka ule mmoja wa waliosimama pembeni ya uwanja alikuwa kocha wa kambi ya vijana anayechagua wakimbiaji wa kuwachukua. Binti alijua. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulilala kwenye madarasa ya shule moja, nikamwona anasoma kitabu changu kwa tochi ya simu ya mwenzake. Nikafikiri anajitia moyo.

Uwanja ule ni wa mita mia nne, mizunguko kumi na miwili na nusu. Mizunguko mitatu ya kwanza alikuwa na kundi la mbele. Wa nne akaachia kidogo, wa tano akaachia sana. Midomo yake ilikuwa imepauka, nikadhani ni vumbi. Mzunguko wa nane msichana aliyeongoza akamfikia kwa nyuma, akampita. Binti akakimbia hatua kama kumi zaidi. Halafu akatoka nje ya mstari, akatembea kwenye majani na mikono juu ya kichwa, wala hakuanguka wala hakujishika popote. Akaja mpaka nilipo.

"Nimeacha, Madam."

Nikasema pumzika, kuna mwaka kesho. Akatikisa kichwa. "Yeye akiwa kidato cha tatu alikimbia kumi na tano. Mimi kumi na nane, na sasa hata hiyo siwezi. Bidii nimeongeza mpaka imeisha. Kitabu kimenisaidia, Madam, sasa najua. Watu wa namna ile wanazaliwa hivyo."

Ndani ya basi la kurudi alikaa dirishani, amelala au anajifanya amelala. Mdomo wangu ulikuwa na kila neno la kumwambia, na sikusema. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu. Jumatatu ikapita, nikajiambia amechoka. Kisha ikawa mitihani. Kidato cha nne alimaliza bila kukimbia tena hata mita mia moja, akarudi Nambis, na nikasikia baadaye ameolewa upande wa Hanang, kwa watu wa ng'ombe, tambarare ya chini ya mlima.

Bingwa alikuja kuijua habari hii kwenye mahafali yetu, miaka miwili iliyopita. Tulimwalika kama mgeni rasmi. Baada ya hotuba akaniuliza, "Yule binti wako yuko wapi? Nilidhani nitamwona." Nikamweleza. Sikupunguza kitu, maana kwake yeye nilishindwa kudanganya. Alipofika pale pa udongo akaweka soda chini.

"Ulimgombeza?"

"Nilimgombeza, mama."

"Na uliponigeukia mbele ya kaka yangu na wazee, mimi mwanamke niseme nini? Nilikuachia wewe useme." Akasimama. "Mficha uchi hazai, mwalimu. Mimi sikukupa maisha yangu ili upambe ukuta. Mimi nilikuwa naongea na yule mtoto. Mwaka mzima napukuchua mahindi naongea na yule mtoto, wewe ukaenda kumzimia redio asinisikie." Akaondoka bila kula, na mpaka leo salamu yangu anaipokea kwa heshima, lakini hapukuchui mahindi mbele yangu.

Nikachukua kaunta buku zote mbili na lile daftari la penseli, ambalo Bingwa alinitumia kupitia mtoto wake bila neno. Nikapanda basi mpaka Katesh kumtafuta binti, nikachukua bodaboda. Njiani nilijipangia maneno. Bado ana miaka ishirini na kidogo, nilijiambia. Bingwa mwenyewe alishinda akiwa ishirini na sita. Atapima damu, ataanza taratibu. Nilifika kwenye boma lake na matumaini yangu nimeyashika mkononi.

Akatoka ndani na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Akapiga goti palepale kwenye vumbi. "Shikamoo, Madam." Alikuwa amekonda, macho yamerudi ndani. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaniletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Nikamweleza nilichokuja nacho. Nikamwambia kitabu kilikatwa, na aliyekikata ni mimi.

Akasoma. Kusoma hakuacha, kidole kinafuata mstari, mtoto anamvuta sikio. Alisoma choo. Alisoma kambi. Alipofika kwenye udongo alinyanyua macho, akaniangalia kidogo, akarudi kwenye ukurasa. Mpaka anamaliza, ng'ombe wa mbele walikuwa wameshaanza kuonekana mbali. Mwishoni nikamfungulia daftari la penseli, pale penye kidato cha tatu.

"Kumi na tisa na arobaini," akasoma kwa sauti. "Kwenye nyasi."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa na kumi na nane na hamsini." Alikuwa anakumbuka mpaka sekunde. "Kwenye majivu yetu."

"Ndiyo. Ulikuwa mbele yake kwa sekunde hamsini."

Nilisubiri alie, nilitaka alie, au anitukane, niwe na cha kuomba radhi. Alifunga daftari, akalipangusa vumbi kwa kanga, akaliweka juu ya zile kaunta buku mbili, akazisukuma zote upande wangu.

"Madam, siku ile nilipokuja ofisini nikakuuliza kama hakuwahi kushindwa. Haya ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua."

"Ulikuwa nayo pale?"

"Yalikuwa kwenye droo."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mwanafunzi aliyeelezwa hesabu ikaeleweka. Kisha akainuka, akamkaza mtoto mgongoni, akasema ng'ombe wanarudi, anaomba ruhusa akawapokee. Alinikaribisha niendelee kukaa, kwa adabu zote, akaniambia nisiondoke bila chakula. Nilimwona akishuka kuelekea zizini. Alikuwa anatembea.